Usilinganishe bei kabla ya kulinganisha kazi

SAFU YA BIASHARA NA TEHAMA
Na Asha Mbwambo

Mfanyabiashara akiomba kotesheni ya tovuti kwa mafundi watatu wanaojitegemea, atarudishiwa bei tatu zilizopishana hata mara mbili au tatu. Hapo hapo ataanza kusema huyu mwizi, yule ana huruma. Mara nyingi hakuna mwizi kati yao. Kila mmoja amepigia hesabu kazi aliyoifikiria yeye, kwa sababu mteja hakusema anataka nini hasa. Msimamo wangu ni kwamba bei hizo hazina maana yoyote hadi kazi iwe moja, na kwamba karatasi inayozifanya zilinganike ndiyo hiyo hiyo itakayokuwa moyo wa mkataba.

Niwape mfano ninaoufahamu. Mama mmoja anauza vitenge kwa jumla Kariakoo. Alitaka tovuti ambayo wateja wake wa Mbeya na Mwanza wataona mzigo uliopo, wataagiza na kulipa kwa simu. Akatuma ujumbe mfupi wa WhatsApp kwa vijana watatu. Wa kwanza akajibu kwa mstari mmoja: tovuti ya kisasa yenye malipo ya mtandaoni, Sh1.5 milioni, wiki tatu. Wa pili akatuma kurasa mbili na bei ya Sh3.8 milioni, wiki sita. Wa tatu akasema Sh2.6 milioni, na baada ya hapo Sh150,000 kila mwezi kwa ajili ya uangalizi.

Kwa macho, wa kwanza ndiye rahisi na wa pili ndiye ghali. Nilimshauri asichague kwanza, akae chini aandike ukurasa mmoja: bidhaa 300 zenye picha, bei na idadi iliyobaki, mteja aagize bila kupiga simu, malipo yaingie kwenye akaunti ya duka, yeye mwenyewe aweze kubadili bei kwa kutumia simu yake. Kisha wote watatu waulizwe maswali yale yale. Nani anaingiza hizo bidhaa 300? Kuunganisha malipo kumo ndani ya bei? Domeni na seva ya kukodi zinalipiwa na nani, mwaka wa kwanza na wa pili? Ikitokea hitilafu baada ya makabidhiano, nani anatengeneza na kwa muda gani? Bei ina VAT ndani au inaongezwa baadaye?

Majibu yaligeuza hesabu. Wa kwanza alisema kuunganisha malipo ni Sh700,000 za ziada, kuingiza bidhaa ni Sh400,000, na domeni na seva ni Sh250,000 kwa mwaka. Kwa miaka miwili jumla yake ikafika Sh3.1 milioni, na matengenezo yoyote baada ya makabidhiano yalipiwe kivyake. Wa pili alikuwa ameshaweka yote hayo ndani pamoja na matengenezo ya bure ya siku 90, kilichobaki ni seva ya mwaka wa pili tu, Sh250,000. Jumla ikawa Sh4.05 milioni. Kwa wa tatu, ule uangalizi wa kila mwezi ulikuwa lazima, kwa sababu tovuti ingekaa kwenye seva yake mwenyewe. Miezi 24 ni Sh3.6 milioni, na ukijumlisha na bei ya kuanzia unapata Sh6.2 milioni. Zaidi ya hapo, mama akiacha kulipa, tovuti inazimwa.

Kwa hiyo pengo kati ya wa kwanza na wa pili, lililoonekana kuwa Sh2.3 milioni, kumbe lilikuwa Sh950,000. Hapo ndipo ulinganisho wa kweli unapoanzia: hizo Sh950,000 zinanunua nini? Jibu lilikuwa kwenye kurasa mbili za yule wa pili, hasa katika sehemu ya malipo.

Malipo kwa simu yana mahali pake pa kuharibikia, na fundi mzoefu anapajua. Mteja anabonyeza kulipa, simu inamwomba namba ya siri, anaiweka, pesa inakatwa. Kisha mtandao wa simu unatakiwa utume taarifa kwenye tovuti kwamba malipo yamefika. Taarifa hiyo inaweza kuchelewa, isifike kabisa, au ije mara mbili. Mfumo uliotengenezwa kwa haraka unaisubiri tu. Isipokuja, mteja amelipa lakini oda inasoma haijalipwa, na ugomvi unahamia dukani. Mfumo makini hauishii kusubiri. Baada ya muda unauliza wenyewe hali ya muamala, na taarifa ile ile ikija mara ya pili unaitambua kwa namba ya muamala na kuiacha. Kati ya vijana watatu, wa pili peke yake ndiye aliyeuliza bila kuulizwa: malipo yakichelewa, mzigo tuushikilie kwa dakika ngapi? Ukitaka kumjua fundi, sikiliza maswali anayokuuliza kabla hajataja bei.

Sasa tuje kwenye mkataba. Kifungu cha kwanza ninachokitetea kwa nguvu ni kile kinachosema kazi imekwisha lini. Mikataba mingi huandika kwamba malipo ya mwisho yatafanyika tovuti ikikamilika, halafu kila upande unakuja na ukamilifu wake. Andikeni majaribio yatakayofanywa mbele ya wote wawili. Kwa duka la vitenge tuliandika matano. Lipa Sh1,000, oda isome imelipwa. Ghairi kwenye namba ya siri, oda isisome imelipwa na mzigo usipungue. Weka namba ya siri kisha funga ukurasa papo hapo. Ukifungua tena, malipo yawe yameonekana. Bonyeza kulipa mara mbili, pesa ikatwe mara moja. Watu wawili waagize robota la mwisho kwa wakati mmoja, apate mmoja na mwingine aambiwe limekwisha. Majaribio haya hayahitaji mtaalamu. Yanahitaji simu mbili na saa moja.

Malipo ya fundi yafuate hatua hizo. Kwa Sh3.8 milioni, mgawanyo ulikuwa Sh1,140,000 wakati wa kusaini, kiasi kama hicho tovuti ya majaribio ikionyesha bidhaa halisi, kiasi kama hicho majaribio matano yakifaulu, na Sh380,000 zilizobaki baada ya siku 30 za kufanya kazi bila hitilafu kubwa. Mteja anayetaka kulipa yote mwisho anamfanya kijana wa watu amkopeshe, na fundi anayetaka yote mwanzo anaondoa sababu ya kumaliza. Haki iwe pande zote: mteja akichelewesha picha za bidhaa, tarehe ya makabidhiano isogezwe kwa siku hizo hizo, na tovuti ikishakabidhiwa kwa majaribio, mteja awe na siku saba za kazi kutoa majibu kwa maandishi, akinyamaza ihesabiwe ameipokea.

Kifungu cha pili ni umiliki, na hapa ndipo watu wanapoumia zaidi kwa sababu madhara yake huonekana baada ya mwaka au miwili. Domeni isajiliwe kwa jina la biashara na barua pepe ya mwenye biashara. Akaunti ya kupokea malipo iwe ya duka, pesa isipitie kwa fundi hata siku moja. Msimbo wa mfumo uhifadhiwe tangu wiki ya kwanza kwenye akaunti ya mwenye duka, kwa mfano ya GitHub, na fundi aalikwe humo kama mshiriki. Ukisubiri siku ya makabidhiano ndipo uuombe, umeshachelewa, kwa sababu fundi akiugua au akipata ajira katikati ya kazi hutakuwa na kitu cha kumpa atakayemrithi. Siku ya kumaliza, nywila zote na funguo za siri za malipo zibadilishwe, kisha fundi apewe tena ruhusa anazohitaji kwa matengenezo.

Haki yenyewe nayo iandikwe. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda pia programu za kompyuta, kwa hiyo msichukulie kwamba kulipa peke yake kumemaliza suala la nani ana haki gani. Sentensi mbili zinatosha: haki zote za kazi iliyotengenezwa kwa ajili ya duka zinahamia kwa mteja malipo ya mwisho yakifanyika, vipande ambavyo fundi alikuwa navyo kabla na anavitumia kwa wateja wengine vinabaki vyake, ila mteja ana ruhusa ya kudumu ya kuvitumia ndani ya tovuti hiyo. Hivyo hakuna anayenyang'anywa.

Duka likishahifadhi majina na namba za simu za wateja, linaguswa pia na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Mwenye duka ndiye mkusanyaji wa taarifa. Mkataba umfunge fundi asizinakili wala kuzitumia kwa kazi nyingine, na azifute kwenye kompyuta yake kazi ikiisha.

Kifungu cha tatu ni mpaka kati ya hitilafu na kazi mpya. Mfumo ukishindwa kufanya kilichoandikwa kwenye ule ukurasa wa kazi, hiyo ni hitilafu na fundi anaitengeneza bure ndani ya siku zilizokubaliwa. Mteja akitaka kisichokuwamo, mathalani punguzo kwa wanaonunua robota kumi, hiyo ni kazi mpya: iandikwe, iwekewe bei na siku, ikubaliwe na wote wawili ndipo ianze. Bila mpaka huu, mteja anaongeza vitu kidogo kidogo kwa ujumbe wa usiku, fundi anachoka, na siku moja anaacha kupokea simu. Ninawaonea huruma vijana wengi wanaoitwa matapeli kwa sababu hiyo.

Mama wa Kariakoo alimchukua wa pili. Angeweza pia kumchukua wa kwanza kwa bei ya juu kidogo, kama angekubali majaribio yale matano na siku 90 za matengenezo. Aliulizwa, akasema hawezi kuyaahidi. Jibu hilo lilikuwa la kiungwana na lilitusaidia kuamua.

Unayetafuta fundi leo, andika ukurasa wako wa kazi kabla ya kuomba bei, jumlisha gharama za miaka miwili, na usitume hata shilingi ya kwanza hadi majaribio, umiliki na mpaka wa kazi mpya viwe vimeandikwa na kusainiwa. Nawe fundi, mteja asipoleta ukurasa huo, muandikie wewe, kwa sababu siku ya ugomvi utakulinda kama unavyomlinda yeye.