Si Kila Mfumo Uliozima Umedukuliwa

Leo niko na maneno na wahariri wa habari za Kiswahili, wa redio, runinga na magazeti. Acheni kuita kila kitu udukuzi. Seva ikizima, udukuzi. Mtu akiibiwa nambari ya siri na binamu yake, udukuzi. Akaunti ya mwanasiasa ikiandika upuzi usiku wa manane, udukuzi. Neno moja limebebeshwa mizigo minne, na anayeumia si nyinyi mlio studio. Ni msikilizaji ambaye anataka kujua jambo moja tu: nifanye nini na simu yangu saa hii?

Najua kuna mtu atauliza mimi ni nani. Sikumaliza chuo na sijawahi kuvaa kadi ya mwanahabari. Lakini kazi yangu ni kutengeneza video za kueleza teknolojia kwa Kiswahili. Nyinyi mkitangaza saa moja jioni, mimi naanza kupokea maswali saa mbili. Kwa hivyo maneno yenu yakikosea, nayajua kwa maswali ninayoulizwa.

Tuchukue kisa ambacho kila Mkenya anakikumbuka. Mwishoni mwa Julai 2023, eCitizen ilikwama. Huu ni mfumo uliokuwa na huduma za serikali zaidi ya 5,000. Kulipia stima kukawa shida, kukata tiketi ya treni pia, na wageni waliotakiwa kuomba viza mtandaoni ikabidi wapewe wakifika. Kundi linalojiita Anonymous Sudan likasema ni kazi yake. Alhamisi tarehe 27, Waziri Eliud Owalo akathibitisha kwamba mfumo umeshambuliwa, lakini akasema hakuna data iliyopotea. Akaeleza kwamba washambuliaji walijaribu kuusonga kwa kutuma maombi mengi kuliko kawaida.

Soma hapo tena. Maombi mengi kuliko kawaida. Hakusema mtu ameingia ndani. Ni kama watu elfu kumi wasio na shida yoyote wajazane kwenye mlango wa Huduma Centre ili wewe unayetaka kitambulisho usipite. Kabati la faili bado limefungwa. Hakuna aliyegusa karatasi yako.

Sasa weka habari hiyo katika chumba cha habari chenye zamu tatu. Vichwa hivi nimevitunga mwenyewe, lakini ukisikiliza redio utavitambua. Asubuhi: "eCitizen yadukuliwa." Saa saba mchana: "Hitilafu ya mitambo yakumba eCitizen." Saa moja jioni: "Tovuti ya serikali yavamiwa na wahalifu." Ni tukio moja na stesheni moja, lakini habari zimekuwa tatu. Aliyesikiliza asubuhi anajua mwizi ana kitambulisho chake. Aliyesikiliza mchana anajua mashine imeharibika na hakuna mhalifu. Wa jioni hajui chochote, kwa sababu kuvamia kunaweza kumaanisha lolote.

Huyo wa asubuhi ndiye ananitia wasiwasi. Kesho yake anapigiwa simu: "Mama, tunapiga kutoka huduma kwa wateja, tunathibitisha akaunti zilizoathiriwa na udukuzi, tupatie nambari yako ya siri." Tapeli hahitaji kumshawishi kwamba kuna udukuzi. Redio ilishamfanyia hiyo kazi bure. Na siku data itakapovuja kweli, mtatumia neno lile lile mlilotumia mara kumi bila sababu, na hakuna atakayebadilisha chochote.

Kwa hivyo pendekezo langu ni hili. Chumba cha habari kiwe na maneno manne, kila moja na kazi yake, na yapangwe kama ngazi.

La kwanza ni hitilafu. Huduma haipatikani, na hakuna aliyethibitisha kuna adui. La pili ni shambulio. Kuna mtu anayeisumbua kwa makusudi, na mwenye mfumo au mamlaka husika imekiri. La tatu ni udukuzi. Mtu ameingia mahali ambapo hana ruhusa. La nne ni uvujaji wa data. Taarifa za watu zimetoka nje na zimeonekana huko nje.

Sheria ya kutumia ngazi ni moja: simama kwenye kidato cha juu kabisa kilichothibitishwa, usiruke. Kama bado hujui hata kama ni hitilafu, sema tu "huduma haipatikani", hakuna aibu. Kundi likidai limeiba data, hilo ni dai. Liandike kama dai, na neno lako mwenyewe libaki pale ushahidi ulipofika. Kwa kisa cha eCitizen, maelezo ya waziri yalitufikisha kidato cha pili. Kusema "yadukuliwa" ni kuruka hadi cha tatu.

Kuna aina hiyo ya shambulio la kufurisha seva kwa maombi, ambalo wengi hulitafsiri "shambulio la kunyima huduma". Si makosa, lakini mtu akilisikia kwenye matatu anaweza kudhani kuna karani aliyekataa kumhudumia. Mimi ningeliita shambulio la msongamano. Mkenya yeyote anajua msongamano. Ameulalia Thika Road. Anajua barabara ikijaa hakuna aliyeibiwa gari, ila hakuna anayefika. Na neno linazaa: mfumo umesongwa, waliousonga, kuusonga.

Lina mpaka wake, na mpaka huo lazima uandikwe. Siku ya matokeo ya KCSE, wazazi nchi nzima wakiingia pamoja, mfumo pia unaweza kusongwa, na hapo hakuna mhalifu. Huo ni msongamano tu. Kwa hivyo neno "shambulio" lisikatwe hata kichwa cha habari kikiwa kirefu. Ukilikata, umewaondolea washambuliaji lawama.

Kwani kwa nini tunachanganya hivi? Sababu moja ni zamu. Taarifa inakuja kwa Kiingereza, kila mmoja anaitafsiri kivyake, anaenda nyumbani na neno lake kichwani. Sababu ya pili tulifundishwa shuleni. Kwenye insha, ukirudia neno, mwalimu anachora mstari mwekundu. Tukakariri tarakilishi, ngamizi na kompyuta, rununu na simu ya mkononi, tuonekane tuna msamiati. Katika insha ya wali wa sikukuu, sawa. Katika habari, msikilizaji akisikia udukuzi, halafu uvamizi, halafu uingiliaji, anahesabu matukio matatu. Kurudia neno la kitaalamu si umaskini wa lugha. Ni kumhakikishia msikilizaji kwamba bado tunazungumzia kitu kile kile.

Dawa yake ni jedwali moja, linalofunguka kwenye kompyuta ya kila mtu hapo ndani. Kila mstari uwe na sentensi moja ya kueleza kitu chenyewe, neno lililochaguliwa, jamaa zake (kudukua, mdukuzi, udukuzi, kudukuliwa), maneno yasiyotumika kwa kitu hicho, na tarehe ya uamuzi. Sentensi ya maelezo ndiyo muhimu kuliko yote. Orodha ya maneno bila maelezo ni kamusi ndogo tu, na kila mtu ataisoma anavyotaka.

Neno jipya likiingia saa kumi jioni, mhariri wa zamu aamue hapo hapo, aliandike kwenye jedwali, na zamu inayofuata ilirithi hata kama hawalipendi. Ubishi usubiri mkutano wa Jumatatu. Mkilibadilisha Jumatatu, mnabadilisha kwa wote na tarehe inaandikwa. Mtu akihojiwa akasema neno lake, mwachieni ndani ya nukuu, lakini maneno yenu nje ya nukuu yafuate jedwali.

Na tafadhali, msibadilishe kwa kuiambia kompyuta itafute na ibadilishe yenyewe. Kiswahili hakikubali huo uvivu. "Udukuzi uliotokea Alhamisi umezuiwa" ukibadilishwa neno moja tu unakuwa "shambulio uliotokea Alhamisi umezuiwa." Inafaa iwe "shambulio lililotokea Alhamisi limezuiwa." Nomino ikihama ngeli, sentensi nzima inahama nayo. Ukisikia msomaji wa habari akijikwaa namna hiyo, jua neno lilibadilishwa dakika za mwisho na hakuna aliyeisoma sentensi kwa sauti.

Najua majibu yatakayokuja. Wa kwanza atasema tungoje wataalamu. Tanzania wana BAKITA tangu 1967, na kazi yao naiheshimu. Lakini hakuna baraza duniani linaloweza kuwapa neno kati ya saa kumi na saa moja. Mtachagua tu, mpende msipende. Swali ni kama mtachagua mara moja pamoja au mara tano kila mtu kivyake. Baraza likitoa neno bora baadaye, jedwali lina nafasi ya tarehe mpya.

Wa pili atasema, "Si tuseme tu wamehakiwa, kila mtu anaelewa." Kwanza, kwa masikio ya Kiswahili, mtu aliyehakiwa anasikika kama aliyepewa haki yake. Pili, neno la mkopo halikusaidii kama halina mpaka. Mtaani, aliyeibiwa nambari ya siri na binamu yake pia "amehakiwa". Mmebadilisha tahajia, mkachanganyikiwa vile vile.

Wa tatu atasema lugha ni hai, tuache maneno yashindane. Yashindane bana, lakini kwenye mashairi na kwenye vibaraza vyetu huku. Maneno yakishindania ndani ya habari moja, anayelipa ni yule mama anayepigiwa simu na tapeli.

Sasa, nyinyi mlio na majedwali kama haya na mmeyafungia ndani, yatoeni. Sisi huku nje tunaotafsiri habari zenu kwa video za dakika moja tutayafuata, nami nitakuwa wa kwanza. Na nyinyi msio nayo, hizo safu tano hamhitaji bajeti kuzichora. Anzeni na mistari minne: hitilafu, shambulio, udukuzi, uvujaji wa data. Mfanye hivyo leo, kabla mfumo mwingine haujazima.