Kabla Hujasaini, Muulize Afisa Utumishi kwa Maandishi

Nilimaliza chuo mwaka jana, na barua yangu ya kwanza ya ajira niliipata nikiwa nimekaa nyumbani miezi mitano. Mwenye njaa hachagui, kwa hiyo kalamu ilikuwa mkononi kabla sijafika ukurasa wa pili. Kilichonizuia ni sentensi moja: "Utakuwa katika kipindi cha majaribio cha miezi mitatu, ambacho mwajiri anaweza kukiongeza."

Kukiongeza mara ngapi, na kwa muda gani? Na miezi mitatu ikiisha kimya kimya, mimi nitakuwa nani pale ofisini?

Niliuliza kwa sababu ya rafiki yangu tuliyekuwa naye bweni moja. Yeye aliambiwa miezi sita. Ikapita, hakuna barua, hakuna kikao, anaingia kazini tu kila asubuhi. Mwezi wa tisa akaugua, akaenda kuulizia kadi ya bima, akajibiwa kwamba bima ni ya waliothibitishwa. Akasema, "Si muda wangu umeisha?" Kumbe kuisha kwa muda si kuthibitishwa. Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilishalisema hilo mwaka 2019: majaribio yakimalizika, uthibitisho hauji wenyewe.

Wengi wetu tunadhani sheria itatubeba. Itatubeba kidogo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri akupe maelezo ya ajira yako kwa maandishi unapoanza kazi. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 zinasema majaribio yasizidi miezi 12, na mwajiri akutathmini na kukaa na wewe ndani ya muda huo. Lakini ile sehemu ya sheria inayokulinda usiachishwe kazi isivyo haki haimgusi mwenye chini ya miezi sita kazini. Yaani muda ule ambao uko wazi zaidi ndio ambao karatasi yako inapaswa kusema mengi zaidi.

Kwanza nilipiga simu. Dada wa utumishi akanijibu vizuri kabisa: "Wala usijali mdogo wangu, hapa tukishakuchukua tumekuchukua." Nilimshukuru. Halafu nikakaa nikawaza: dada huyu akihama, hiyo "usijali" nitamwonyesha nani? Jioni nikaandika barua pepe:

"Habari za kazi. Nashukuru kwa barua ya ajira na kwa mazungumzo yetu ya leo. Kabla sijasaini naomba kufafanuliwa: majaribio yanaweza kuongezwa mara ngapi na kwa muda gani, nitathibitishwa kwa barua au vipi, bima ya afya inaanza lini, na shilingi 800,000 ni kabla ya makato au baada yake. Nikipata majibu nitarudisha barua iliyosainiwa kabla ya Ijumaa."

Hiyo tarehe ya mwisho niliiweka makusudi, waone kwamba kazi naitaka.

Mama aliposikia alinigombeza, akisema nitaonekana mjuaji. Sikubaliani naye, ingawa hofu yake naielewa. Ofisi inayokufuta kwa sababu umeuliza bima inaanza lini imeshakujibu.

Majibu yalikuja baada ya siku mbili. Laki nane ilikuwa kabla ya makato. Nikapiga hesabu: mchango wangu wa NSSF, asilimia 10, ni 80,000. Kodi kwenye 720,000 iliyobaki ni 60,000. Bodi ya Mikopo, asilimia 15 ya mshahara wa msingi, ni 120,000. Mkononi 540,000. Chumba nilichokuwa nimeshakipenda nikakiacha.

Bima, wakasema, ni baada ya kuthibitishwa, na hapo hawakulegea. Kwenye majaribio ndipo walipokubali. Niliwapendekezea sentensi, wakaiingiza kwenye mkataba karibu ilivyo: "Kipindi cha majaribio ni miezi mitatu. Kinaweza kuongezwa mara moja tu, kwa muda usiozidi miezi mitatu, kwa barua inayoeleza sababu." Hilo ndilo la kuangalia kabla hujasaini: jibu la barua pepe ni zuri, lakini likipingana na mkataba uliosaini, utabishana na sahihi yako mwenyewe. Omba liingie kwenye mkataba. Wakikataa, tunza barua pepe, na iwe kwenye anwani yako binafsi, maana ya ofisi hufungwa siku unapoondoka.

Nilisaini Alhamisi. Siku ya 80 nilimwandikia yule dada nikimkumbusha kwamba sijafanyiwa tathmini. Barua ya kuthibitishwa ilitoka siku ya 94, na kadi ya bima wiki mbili baadaye.