Mrejesho Uishie Hatua Moja Kabla ya Jibu

Tunataka kutetea jambo moja ambalo baadhi ya wazazi wetu hawakubaliani nalo, na pengine baadhi ya walimu wetu pia. Mtu anaposahihisha kazi ya mwanafunzi asimwandikie jibu. Amwandikie kitu kitakachomfikisha hatua moja mbele, kisha aweke kalamu chini.

Wengi wenu mnajua kwamba wanachama kadhaa wa chama chetu hujitolea Jumamosi kuwasaidia watoto wa jumuiya yetu kazi za hesabu. Ni watoto wa miaka kumi na minne au kumi na mitano, ambao wazazi wao walikuja hapa Uingereza kutoka Mombasa, Unguja, Bukavu na kwingineko. Saa mbili hazitoshi kukaa na kila mmoja, kwa hiyo tunaondoka na madaftari, tunayasoma katikati ya wiki, na tunaandika maneno machache pembeni. Maneno hayo ndiyo ualimu wenyewe, kwa sababu mtoto atayasoma akiwa peke yake na sisi hatupo.

Tuchukue swali moja la kawaida kabisa: tafuta thamani zote za x katika mlinganyo x² = 5x. Majibu ni mawili, 0 na 5. Watoto wengi huandika moja tu, 5. Ukitazama jibu la mwisho peke yake utadhani wote wamekosea mahali pamoja. Ukisoma kazi yao mstari kwa mstari utaona kwamba kila mmoja amekwama pake.

Mtoto wa kwanza ameandika x² = 5x, chini yake x = 5. Amegawanya pande zote kwa x. Hakufanya ujinga. Alifundishwa tangu mwanzo kwamba unachofanya upande mmoja ufanye na upande wa pili, na katika 3x = 12 kanuni hiyo haikumwangusha, kwa kuwa pale aligawanya kwa 3, na 3 haiwezi kuwa sifuri. Hapa amegawanya kwa x, ambayo hajui ni ngapi.

Mtoto wa pili amefika mbali zaidi. Amehamisha kila kitu upande mmoja, x² − 5x = 0, akatoa kigawo cha pamoja, x(x − 5) = 0, halafu akaandika x = 5. Hakugawanya chochote. Ameona mabano yanampa 5 akaridhika, asijue kwamba ile x iliyosimama nje ya mabano nayo inadai haki yake.

Mtoto wa tatu ameandika "x = 5" tu, bila mstari mwingine. Huenda alijaribu namba kichwani mpaka moja ikakubali. Huenda alichungulia kwa jirani. Hatujui.

Sasa tuandike nini? Njia ya haraka ni kuwaandikia wote watatu maneno yale yale: "Umesahau x = 0." Ni kweli, ni mafupi, na daftari linafungwa. Lakini jiulize mtoto wa kwanza amebaki na nini. Ataongeza sifuri kwenye jibu lake na ataamini kwamba amejifunza desturi mpya: ukimaliza, weka na sifuri.

Unaweza kulipima hilo kwa swali moja tu. Mpe x(x − 3) = 2(x − 3). Mtoto aliyeambiwa "umesahau sifuri" atagawanya kwa (x − 3), atapata 2, kisha ataongeza sifuri kama alivyoambiwa. Lakini weka sifuri pale: upande wa kushoto unatoka 0, upande wa kulia −6. Si jibu. Jibu la pili ni 3, ambayo ndiyo inayofanya (x − 3) kuwa sifuri. Yule aliyeelewa kwa nini kugawanya kulimpotezea jibu ataipata 3. Yule aliyepewa jibu hataipata, na wewe uliyemsahihisha utashangaa, kwa sababu ulimwambia!

Njia ya pili inaonekana ni ya kistaarabu zaidi: "Usigawanye kwa x. Peleka vyote upande mmoja, toa kigawo cha pamoja." Hapa hatukutaja sifuri, ila tumempa njia nzima. Atainakili vizuri, jibu litatoka, na bado hatajua njia yake ya kwanza ilikuwa na kasoro gani. Wiki ijayo ataifuata tena, maana ni fupi zaidi.

Kuna na njia ya tatu, ambayo ni kosa la upande wa pili: "Fikiria tena" au "Una uhakika?" Haitoi jibu, lakini haitoi kitu chochote kingine. Mtoto akiona maneno hayo hufuta kila alichoandika, pamoja na kile kilichokuwa sawa. Utajua mrejesho wako ulikuwa wa aina hii ukiona daftari linarudi na ukurasa uliosuguliwa kwa ufutio, na 5 iliyokuwa sahihi haipo tena.

Sisi tunapendekeza maneno yafanye kazi tatu: yaseme kipi kimesimama, yaoneshe mstari wenyewe, na yampe mtoto kitu cha kufanya ambacho kitamwonesha tatizo kwa macho yake mwenyewe. Kwa mtoto wa kwanza tungeandika hivi:

"5 inakubali, kwa sababu 25 = 25. Sasa tazama ulivyotoka mstari wa 1 kwenda wa 2. Umegawanya kwa x. Kuna namba moja ambayo hatuwezi kugawanya kwayo. Je, x inaweza kuwa namba hiyo? Ijaribu kwenye mstari wa 1."

Hakuna jibu hapo, ingawa liko karibu. Mtoto lazima akumbuke mwenyewe ni namba gani, aiweke mahali pa x, na aone 0 = 0. Akishaona, hatahitaji mtu wa kumwambia kwamba kugawanya kulimficha jibu.

Kwa mtoto wa pili maneno hayo hayana maana, kwani hakugawanya. Yeye tungemwandikia: "Mpaka x(x − 5) = 0 kazi yako ni safi. Namba mbili zikizidishwa na zao lake likawa sifuri, tunajua nini juu ya namba hizo? Rudi kwenye mstari wako wa mwisho ukiwa na jibu la swali hilo." Na wa tatu: "5 inakubali. Nioneshe ulivyoipata, halafu nioneshe utajuaje kwamba hakuna namba nyingine." Huyo hatuwezi kumdokeza zaidi mpaka tuone anakotokea.

Mtaalamu wa hesabu George Pólya, katika kitabu chake cha mwaka 1945 kuhusu namna ya kutatua maswali ya hesabu, alishauri kwamba msaada wa mwalimu uwe wa aina ambayo mwanafunzi angeweza kuufikia mwenyewe. Tunaona hiki ni kipimo kizuri. "Je, namba ninayogawanya kwayo inaweza kuwa sifuri?" ni swali ambalo mtoto anaweza kujiuliza peke yake kwenye chumba cha mtihani. "Umesahau x = 0" hawezi kujiambia. Kipimo kingine tunachokitumia ni rahisi zaidi: soma maneno yako kama mtu asiyejua hesabu. Ukiweza kupata jibu sahihi kwa kunakili tu, umeshalitoa.

Mama mmoja alituambia, "Wanangu, mtoto ana mtihani mwezi ujao, nanyi mnampa mafumbo?" Shikamoo mama, hoja yako tunaielewa. Kuna wakati dokezo halifai. Mtoto akishapewa madokezo mawili asisogee, la tatu litamchosha tu. Hapo tunamfanyia mfano mzima, lakini wa swali lingine, tuseme x² = 8x, hatua zote zikiwa wazi, kisha anarudi kwenye lake. Na kuna mambo ambayo hayafikiwi kwa kufikiri. Mtoto asiyejua kwamba alama fulani inamaanisha kipeo hawezi kulibuni hilo. Aambiwe.

Hapo ndipo tunapowageukia walimu wetu wa Kiswahili, kwa heshima zote. Sisi tuliokulia huku tunarudishiwa insha zikiwa zimejaa wino mwekundu. Mwanafunzi ameandika "Vitabu yangu imepotea." Juu yake mwalimu ameandika "Vitabu vyangu vimepotea." Tunasoma, tunaitikia kwa kichwa, tunanakili. Insha inayofuata tunaandika "viti yangu", kwa sababu tulichopewa ni sentensi, na sentensi hiyo hatutaiandika tena maishani.

Mwalimu angepiga mstari chini ya "vitabu" tu, akaandika pembeni: "Neno hili linaongoza mengine mawili. Lisome kwa sauti pamoja nayo, kisha uyaandike upya." Wengi wetu tungeweza. Masikio tunayo, bibi zetu wametupa. Kinachokosekana ni mazoea ya kuyasikiliza tunapoandika, na mazoea hayo hayaji mtu mwingine anapotuandikia.

Lakini mwanafunzi aliyeandika "rafiki wangu" asipewe dokezo. Amefikiri vizuri: rafiki ni mtu, na tunasema "mtu wangu", "rafiki mzuri", "rafiki amekuja". Kwa mantiki hiyo hawezi kufika kwenye "rafiki yangu" hata akikaa usiku kucha, maana pale lugha yenyewe imeacha njia yake. Mwandikieni tu "yangu", na sababu yake kwa sentensi moja.

Kwa hiyo ombi letu si kwamba wino mwekundu ukome. Tunaomba mwalimu, kabla ya kuandika, ajiulize kama kosa lililo mbele yake ni la kufikiwa au la kuambiwa. La kufikiwa apige mstari, aulize, na aturudishie insha tuiandike tena kabla ya kutupa alama. Tunajua itamchukua muda kusoma insha mara mbili, na madarasa ni makubwa. Basi ianze na aya moja ya kila insha, ile yenye makosa mengi zaidi, muhula huu. Mwisho wa muhula tulinganishe insha ya kwanza na ya mwisho, tuhesabu ni makosa mangapi ya upatanisho yamerudi, na tuzungumze tena kwenye mkutano wa chama.