Dawa ya malaria inapoisha kabla gari kufika, kosa si la barabara peke yake

Upande wa Minova, mama mkimbizi anayebeba mtoto mwenye homa anaambiwa dawa imeisha, akanunue nje. Sababu anayopewa ni ileile kila mara: barabara. Ni kweli barabara ni mbaya. Lakini mara nyingi shida ilianza mapema, siku muuguzi alipoandika komande akiwa amechelewa.

Chukua kituo cha afya kinachotoa dozi 20 za dawa mseto ya malaria kwa siku. Dipo inaahidi kuleta ndani ya siku 7. Kwa hiyo kituo kinaagiza stoku inapobaki dozi 140. Hesabu hiyo ingefaa kama ahadi ingetimizwa.

Fishi ya stoku inasema mengine. Komande 5 za mwisho zilichukua siku 6, 9, 8, 21 na 11, yaani siku 11 kwa wastani. Hata kwa wastani huo tu, dozi 140 zinaisha siku 4 kabla ya mzigo kufika. Ule mzigo wa siku 21 uliacha watoto wiki 2 nzima bila dawa. Ahadi ya dipo haifai kuwa msingi wa hesabu. Tarehe zilizoandikwa ndizo zifuatwe.

Kuna hesabu rahisi. Siku za mvua, watu wanapoongezeka, kituo kinafikisha dozi 26 kwa siku. Zidisha kwa siku 21 za kungoja: 546. Stoku ikishuka hapo, komande iende siku hiyohiyo. Kati ya hizo, 220 ni za siku 11 za kawaida. 326 zinazobaki ndizo akiba ya kungojea gari lililokwama.

Kosa lingine halionekani upesi. Mwezi uliopita kituo kilitoa dozi 420, na muuguzi akagawa kwa siku 30, akapata 14. Lakini siku 9 kabati lilikuwa tupu! Agawe kwa siku 21 dawa ilipokuwepo, atapata 20. Kituo kinachosahau hilo kinaagiza kidogo kwa sababu kilikosa, kisha kinakosa tena kwa sababu kiliagiza kidogo.

Wengine watasema pesa haitoshi kuweka akiba hiyo, na hawakosei. Basi ianze na dawa chache zinazookoa maisha, vitamini ingoje. Tena si kila dawa inavumilia kukaa: oksitosini ya akina mama wanaozaa inataka friji, na friji ndogo ndiyo inayoamua kiasi.

Familia mpya zikifika kutoka Masisi, 20 ya jana inaweza kuwa 35 kesho. Wiki hiyo hesabu ifanywe upya, bila kungoja ripoti ya mwisho wa mwezi.