Mshipa Usiojifunga

Mtoto akiwa tumboni mapafu yake hayavuti hewa, hivyo damu huyapita kando kwa kijishipa kiungacho mshipa wa mapafu na mshipa mkuu wa mwili. Azaliwapo akavuta pumzi, kijishipa hujifunga, aghalabu ndani ya siku 3. Kisipojifunga, damu humiminika mapafuni na moyo huelemewa.

Basi tumtazame mwana anyonyapo. Mtoto wa miezi 4 atokwaye jasho kipajini, ahemaye na kuliachia titi kabla ya kushiba, na uzani hauongezeki, tumpeleke kwa daktari. Daktari husikia mvumo usiokatika chini ya mtulinga wa kushoto, kisha picha ya moyo huthibitisha.

Aliyezaliwa kabla ya wakati huweza kutibiwa hospitalini kwa dawa. Aliyetimiza miezi dawa hizo hazimfai. Huzibwa kwa kizibo kipitishwacho mshipani kutoka pajani, au hupasuliwa.