Barua ya Kiingereza isimpake mtu rangi

Butembo kuna familia nyingi zilizokimbia mapigano pande za Beni. Katika familia hizo wako waliofanya kazi wakati wa Ebola, iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika 25 Juni 2020. Mtu wa namna hiyo akitafuta kazi ngambo ya Kasindi, huko Uganda, anaombwa barua ya shefu wake wa zamani kwa Kiingereza. Shefu hakijui. Anatuma mistari michache kwa simu, kisha anamwambia kijana anayechapa barua: “Wewe panga tu.”

Hapo ndipo makosa yanaanzia. Chukua mfano wa mistari hii: “Alichunga depo ya klorini na buti, mwezi wa 9/2018 mpaka 6/2020. Hakupoteza kitu. Alifuata formasio. Kisha akaacha kazi.”

Kwanza, Kiswahili hakisemi kama ni mama ao baba, lakini Kiingereza kinataka kujua. Kijana akibahatisha, mama atasomwa kama mwanaume, na ofisi itadhani barua ni ya mtu mwingine. Pili, “kuchunga depo” ni kulinda mlango usiku, ao ni kupokea mali, kuihesabu na kuiandika katika daftari? Hizo ni kazi mbili, na mishahara yake haifanani. Tatu, “formasio” ikiachwa vile ilivyo, Mwingereza ataelewa kikosi kilichopangwa mistari, wala si mafunzo. Na “akaacha kazi” inaonyesha kwamba alijiondoa mwenyewe, kumbe kontra iliisha pamoja na Ebola.

Kwa hiyo kijana asianze kuandika kabla ya kumpigia shefu na kumwuliza hayo manne. Akijibiwa, barua inakuwa fupi na yenye nguvu: mama huyu alipokea na kutoa mali ya depo kwa miezi kumi, aliandika kila kitu katika daftari, na hesabu ya mwisho ilitimia. Lakini kutoka mwezi wa 9/2018 mpaka 6/2020 si miezi kumi, ni karibu miaka miwili. Kosa kama hilo la kuhesabu linaingia kirahisi, na ndilo ofisi inalolinganisha kwanza na cheti cha kazi.

Kujaza sifa ambazo shefu hakusema si kumsaidia mtu. Kama barua inasema aliongoza watu ishirini, na shefu akipigiwa anasema alikuwa peke yake, kazi imepotea.

Kabla ya kutia sahihi, kijana amsomee shefu barua yote kwa Kiswahili, mstari kwa mstari. Neno ambalo shefu hawezi kulirudia kwa simu, liondolewe. Chini ya namba yake iandikwe kwamba anazungumza Kiswahili na Kifaransa, ili anayepiga atafute mtu wa kuzungumza naye.