Tafsiri Isiyosomwa na Mgonjwa Haijakaguliwa

Utafiti wa kitaifa wa VVU wa mwaka 2022–2023 ulikuta maambukizi kwa asilimia 12.7 ya wakazi wa Mkoa wa Njombe wenye umri wa miaka 15 na zaidi, kiwango kikubwa kuliko cha mkoa mwingine wowote nchini. Kwa hiyo maelezo ya dawa na fomu za ridhaa ni karatasi za kawaida mikononi mwa wagonjwa wa huko. Nyingi huandikwa kwanza kwa Kiingereza, kisha hukabidhiwa mfasiri wa kujitegemea.

Ukaguzi uliozoeleka ni huu: mfasiri wa pili, ambaye hajaiona matini ya asili, huirudisha tafsiri katika Kiingereza, kisha matini mbili za Kiingereza hulinganishwa. Njia hiyo hunasa sentensi zilizorukwa na vipimo vilivyokosewa. Hata hivyo, kuna kosa ambalo hulipitisha bila kulitambua, nalo ni tafsiri ya neno kwa neno.

Chukua maelekezo ya kumeza kidonge kila siku saa mbili asubuhi. Kiingereza huandika tarakimu 8. Mfasiri mwenye haraka akiandika “saa 8 asubuhi”, mfasiri wa pili atairudisha 8 ile ile, na karatasi itapita. Huko Makambako, mgonjwa mmoja atafuata tarakimu na kumeza saa nane mchana. Mwingine atafuata neno “asubuhi” na kukisia saa. Ndivyo ilivyo pia kwa majibu “chanya”: yakirudishwa katika Kiingereza hulingana kabisa, ilhali mgonjwa aweza kuyasikia kuwa habari njema. “Umekutwa na maambukizi” haina utata huo.

Dawa ya kasoro hii ni kuwasomesha walengwa wenyewe. Watu watano au sita wa Njombe mjini na Makambako, wakiwemo waliolelewa kwa Kibena, wasome karatasi kwa sauti. Wasiulizwe, “Mmeelewa?”, kwani wengi wataitikia kwa heshima tu. Waulizwe, “Kesho utameza kidonge lini?” Wakitofautiana, sentensi iandikwe upya. Usomaji huu hauondoi haja ya ukaguzi wa kwanza, kwa sababu msomaji hawezi kujua kwamba kuna sentensi iliyoachwa.

Tatizo ni malipo. Mfasiri hulipwa kwa neno, na hesabu ya haki ni ya maneno ya Kiingereza, kwani Kiswahili hubana: “hatutakuchoma” ni neno moja kwa maneno matano. Lakini hakuna hesabu ya maneno inayolipia siku ya kukaa na wasomaji. Siku hiyo, pamoja na nauli ya Makambako, iandikwe katika mkataba kwa fungu lake, mbali na malipo ya neno. Isipoandikwa, mfasiri ataiacha, na atakayeligundua kosa ni mgonjwa aliyekwisha kumeza dawa.